Kuziba taarifa zako kwenye picha ya skrini kabla ya kuipandisha mtandaoni

Majibu ya kipimo cha wingi wa virusi vya Ukimwi mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mhudumu wa kliniki anaweza kukutumia picha ya fomu kwa WhatsApp, nawe ukapiga picha ya skrini ili uipandishe kwenye tovuti au programu inayotafsiri au kufafanua majibu. Ukishaipandisha, huwezi kujua itahifadhiwa kwa muda gani wala nani ataiona. Kwa hiyo kazi ya kuziba ifanyike ukiwa bado na picha mkononi.

Kabla ya yote, jiulize kama picha inahitajika. Kwenye kipimo hiki jibu ni mstari mmoja. Ukiuandika mwenyewe, kwa mfano "wingi wa virusi, plazma, chini ya 50 kwa mililita", hakuna cha kuziba. Picha inafaa pale ambapo fomu ina maelezo marefu au hujui ni mstari gani wenye maana.

Nini kinakutambulisha?

Anza juu kabisa. Ukanda wa juu wa skrini unaweza kuonyesha ujumbe ulioingia muda huohuo pamoja na jina la aliyeutuma. Chini yake WhatsApp inaonyesha jina au namba ya mtu mnayewasiliana naye, na kama umemhifadhi kama "Nesi CTC", hilo peke yake limeshasema mengi. Sehemu hii ikate yote.

Kwenye fomu yenyewe wengi huziba jina na namba ya simu, kisha wanaacha namba ya mgonjwa wakidhani ni tarakimu tu. Hapo ndipo panapovuja. Tanzania namba ya CTC hutolewa kwa watu walio kwenye huduma ya VVU, na tarakimu zake za mwanzo ni za mkoa, wilaya na kituo. Kenya namba ya CCC huanza na namba ya kituo. Anayezifahamu namba hizi atajua unatibiwa nini na wapi hata kama jina lako halionekani. Ziba namba yote, siyo mwisho wake tu.

Msimbo wa mistari, ule unaofanana na wa bidhaa za dukani, mara nyingi hubeba namba ileile au namba ya sampuli. Mistari yake inasimama wima na kila kipande chake kinarudia habari ileile kutoka juu hadi chini, kwa hiyo ukanda mwembamba uliobaki unaweza kutosha kusomwa. Msimbo wa mraba nao umetengenezwa usomeke hata sehemu yake ikiharibika. Yote miwili izibe kabisa.

Ziba pia jina la kituo, jina na saini ya mhudumu, na tarehe ya kuzaliwa. Ikiwa umri unahitajika, uandike pembeni kwa miaka.

Nini kisizibwe?

Acha jibu, kipimo chake (kwenye fomu huandikwa copies/mL), aina ya sampuli na mwezi sampuli ilipochukuliwa. Aina ya sampuli ina maana yake: damu iliyokaushwa kwenye karatasi haiwezi kugundua virusi wachache sana kama plazma inavyoweza, kwa hiyo "haikugundulika" ya sampuli moja si sawasawa na ya nyingine.

Angalia sana alama ndogo ya < iliyo mbele ya tarakimu. Mkono ukiteleza ukaifunika, "<50" inabaki "50". Ya kwanza inasema virusi ni wachache kuliko kiwango ambacho mashine inaweza kuhesabu, na ya pili inasema wamehesabiwa wakafika hamsini. Nimeona watu wakipoteza usingizi kwa alama hiyo.

Kuziba kusikofunuliwa

Tuchukue fomu yenye jina juu kushoto, namba ya CTC chini yake, msimbo wa mistari kulia, na jibu katikati. Fungua picha kwenye sehemu ya kuhariri ya simu. Kwanza kata ukanda wa juu na sehemu ya WhatsApp. Kisha chagua umbo la mstatili uliojazwa rangi nyeusi. Kama simu yako haina maumbo, chagua kalamu ya kawaida, nene, nyeusi. Usichague ile kalamu ya kukoleza maandishi. Hiyo inapitisha mwanga, na hata ukiirudia mara tano hadi jicho lione weusi mtupu, mtu akiongeza mwangaza wa picha herufi zinaweza kujitokeza tena.

Funika jina kwa kisanduku kirefu kuliko jina lenyewe, ili urefu wake usiwe dokezo. Fanya hivyo kwa namba na msimbo.

Usitegemee kutia ukungu wala kugeuza maandishi kuwa vijiraba. Tarakimu ni kumi tu. Anayejua aina ya herufi za fomu anaweza kutia ukungu uleule kwenye kila tarakimu, akalinganisha hadi apate inayofanana na ya kwako.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka. Hifadhi picha uliyoziba, ifungue ijae kwenye skrini, kisha ipige picha ya skrini upya. Pandisha hiyo mpya. Sababu ni kwamba faili iliyohaririwa inaweza kubeba kisichoonekana. Mwaka 2023 iligundulika kwamba zana ya Markup ya simu za Google Pixel ilikuwa ikiacha ndani ya faili mabaki ya picha ya awali baada ya kukatwa, na sehemu iliyokatwa iliweza kurudishwa. Kasoro ilirekebishwa, lakini picha zilizokwisha kuhifadhiwa hivyo hazikujirekebisha zenyewe. Picha mpya ya skrini inachukua kile tu kinachoonekana.

Ujanja huu unasaidia zaidi majibu yakija kama PDF. Kisanduku cheusi kilichochorwa juu ya PDF mara nyingi kinakaa juu ya maandishi bila kuyafuta, na mtu anaweza kuyanakili yaliyo chini yake. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort huko Marekani waliwasilisha mahakamani hati ya namna hiyo, na waandishi wa habari wakasoma yaliyofichwa kwa kunakili na kubandika tu. PDF usiipandishe: ipige picha ya skrini, uzibe, uipige tena.

Hakikisha kabla ya kutuma

Fungua picha mpya, ongeza mwangaza hadi mwisho, angaza sehemu zenye vivuli, kisha ikuze na upite kila kisanduku. Ukiona hata kivuli cha herufi, rudi uzibe upya kutoka picha ya mwanzo. Soma pia kingo na mistari ya chini, kwa sababu baadhi ya fomu hurudia jina au namba ya mgonjwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Angalia jina la faili pia: simu nyingi huandika tarehe na saa, na za Samsung huongeza jina la programu, mfano:

```
Screenshot_20240512_101530_WhatsApp.jpg
```

Badilisha liwe "jibu1". Baada ya hapo futa nakala za katikati, pamoja na zilizoingia kwenye pipa la picha zilizofutwa, kama simu yako inatumiwa na wengine nyumbani.

Kama majibu ni ya mama, mwenza au mtoto mkubwa, muulize kwanza. Na chochote utakachoelezwa mtandaoni, dawa usizipunguze wala kuzisimamisha kabla ya kuonana na mhudumu wako. Yeye anayo fomu isiyozibwa.