Kuongeza Damu kwa Mbwa na Paka: Upimaji wa Kundi, Ulinganishaji na Dalili za Hatari

Katika Runazi na maeneo mengine ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, mbwa wa ulinzi huishi karibu na ng'ombe na hupita katika malisho yenye kupe. Baadhi ya kupe hao huambukiza mbwa vimelea vya babesia, ambavyo huvunja chembe nyekundu za damu. Mbwa hupauka fizi, hupumua kwa kasi na mkojo wake huweza kuwa mwekundu. Damu ikipungua kupita kiasi, dawa ya kuua vimelea haitoshi peke yake, na daktari wa mifugo huweza kulazimika kumwongezea damu ya mbwa mwingine.

Kundi linalozingatiwa zaidi kwa mbwa huitwa DEA 1. Kwa kawaida mbwa ambaye hajawahi kuongezwa damu hana kingamwili zenye nguvu dhidi ya kundi hilo, hivyo damu ya kwanza mara nyingi hupokelewa bila tatizo la papo hapo. Hata hivyo, kingamwili huanza kujengeka baada ya siku chache. Kwa sababu hiyo, mbwa aliyeongezwa damu zaidi ya siku nne zilizopita hapaswi kupewa nyingine kabla ya ulinganishaji, hata kama mtoaji ni yule yule.

Kwa paka hakuna nafasi hiyo ya mara ya kwanza. Paka wana makundi A, B na AB, na huwa na kingamwili za asili. Paka wa kundi B akipewa damu ya kundi A, hata kiasi kidogo tu, anaweza kufa. Hakuna paka ambaye damu yake inawafaa wote. Kila mmoja hupimwa kundi kwanza.

Ulinganishaji hufanyika kwa kuchukua damu ya mtoaji na ya mgonjwa katika tyubu zenye dawa ya kuzuia kuganda, kisha kuzizungusha kwa mashine ili plazma ijitenge. Chembe nyekundu za mtoaji huoshwa mara tatu kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Tone moja la chembe hizo, zikiwa zimezimuliwa hadi asilimia 3 au 5, huchanganywa na matone mawili ya plazma ya mgonjwa, mchanganyiko hukaa katika nyuzijoto 37 kwa dakika 15 hadi 30, kisha huzungushwa tena kwa muda mfupi. Chembe zikishikamana, au plazma ikigeuka nyekundu, damu hiyo haifai.

Hapa ndipo ugonjwa wa babesia unapoweza kumpotosha mpimaji. Plazma ya mgonjwa huenda ikawa nyekundu tangu mwanzo, na chembe zake huenda zikashikamana zenyewe. Ndiyo maana tyubu ya pili, yenye chembe za mgonjwa na plazma yake mwenyewe, haipaswi kuachwa. Ikiwa hiyo nayo inaonesha mshikamano, kipimo hakisomeki, na mtoaji hawezi kutangazwa kuwa anafaa au hafai. Chembe zilizopangana tu kama sarafu hutawanyika zikiongezwa maji ya chumvi. Zilizoshikamana kwa kingamwili hubaki mafungu.

Mtoaji naye hupimwa kwa hadubini, maana mbwa wa jirani anaweza kubeba babesia bila kuonekana mgonjwa.

Chukulia mbwa wa kilo 15 ambaye chembe nyekundu ni asilimia 12 ya damu yake, na daktari anakusudia kufikia 22. Kwa makadirio, mililita 2 za damu kamili kwa kila kilo huongeza asilimia 1. Hivyo 2 mara 15 mara 10 ni mililita 300, kiasi ambacho mbwa mmoja mkubwa mwenye afya anaweza kutoa.

Damu huanza kwa mwendo wa polepole sana kwa dakika 15 hadi 30, huku joto, mapigo ya moyo na upumuaji vikiandikwa mara kwa mara. Joto likipanda kwa zaidi ya nyuzi 1, mnyama akitapika, akitetemeka, akivimba uso au akianza kuhema, damu husimamishwa mara moja, na mshipa hubaki wazi kwa maji ya chumvi. Kuhema na kukohoa bila homa huweza kuashiria kwamba mwili umezidiwa na maji, jambo linalohitaji tiba tofauti.

Kwa mgonjwa wa babesia, mkojo mwekundu pekee haumwambii daktari jipya. Sampuli ya plazma iliyowekwa kabla ya kuanza hulinganishwa na ya sasa. Wekundu ukiwa umeongezeka, huenda chembe za mtoaji zinavunjwa.

Mwenye mbwa anapaswa kutazama fizi kwa wiki mbili baada ya kurudi nyumbani. Zikigeuka njano au zikipauka tena, mnyama arudishwe kwa daktari, pamoja na kumbukumbu ya tarehe aliyoongezwa damu na mtoaji aliyetumika.