Barua ya mapendekezo kwa mfanyakazi anayeondoka: Aandike nini meneja asiyetaka kumdanganya mtu?

Chukulia wewe ni meneja wa duka la jumla pale Chake Chake. Asubuhi moja mtunza stoo wako anakwambia, "Bosi, nimepata nafasi Unguja, hotelini. Wanataka barua kutoka kwako." Ni mtu mzuri, umekaa naye miaka mitatu, na mama yake ni jirani yenu.

Hapo ndipo muhali unapoingia. Unaona haya kuandika kasoro yake, basi unakopi barua ya zamani kwenye kompyuta: "ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu na anayejituma." Unapiga muhuri, unasaini, kwaheri.

Tatizo ni kwamba meneja wa hoteli ya Unguja ameshasoma barua kama hiyo mara nyingi. Haimwambii chochote, anaiweka pembeni, na mtunza stoo wako aliyekuwa mzuri kweli anahesabiwa sawa na yule ambaye hakuwa mzuri.

Makala hii inaeleza namna ya kuandika barua ambayo mtu ataiamini.

Kwanza, usichanganye barua tatu

Pemba, mtu anayetafuta kazi huweza kuwa na karatasi tatu zinazofanana kwa sura lakini kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni barua ya sheha. Hii inamtambulisha mtu kuwa ni mkaazi wa shehia fulani. Sheha hajui mtu huyo anafanyaje kazi, na hatakiwi kulisema hilo.

Ya pili ni cheti cha utumishi. Hiki kinathibitisha kwamba mtu alifanya kazi kwako, kazi gani, tangu lini hadi lini. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri akitoe ajira inapokwisha. Kenya nao wanacho kwenye kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kwa kuwa kazi na ajira si jambo la Muungano, mwajiri wa Chake Chake anaongozwa na sheria ya Zanzibar, yaani Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Ukiwa na shaka juu ya hati gani unadaiwa kutoa, waulize ofisi ya kazi, usitegemee ulichosikia kutoka Dar.

Ya tatu ndiyo barua ya mapendekezo. Hii inasema mtu alifanyaje kazi. Sheria ya Kenya imeitenganisha wazi kabisa na cheti: mwajiri halazimiki kutoa barua inayozungumzia tabia au utendaji wa mfanyakazi. Tofauti hiyo ina faida kwako. Cheti ni haki ya mfanyakazi hata kama mmeachana vibaya. Barua ya mapendekezo ni ushahidi wako, na ushahidi hautolewi kwa muhali.

Kabla ya kuandika, muulize maswali mawili

La kwanza: kazi unayokwenda ni ipi hasa? Mtunza stoo wa duka anayekwenda kuwa mtunza stoo wa hoteli anahitaji barua inayozungumzia kuhesabu, kuandika na kupokea mizigo. Angekuwa anakwenda kukaa mapokezi, ungezungumzia namna anavyoongea na wateja.

La pili: kitu gani ulikifanya hapa ambacho ungependa kitajwe? Mara nyingi mfanyakazi anakumbuka mambo ambayo meneja ameyasahau.

Halafu fungua madaftari. Angalia tarehe kwenye mkataba, ripoti za kuhesabu mali, na kama kuna barua ya onyo au ya pongezi kwenye faili. Usiandike kwa kukisia, kwa sababu ukikosea tarehe ya kuanza kazi, na CV yake inasema nyingine, anayeonekana muongo ni yeye.

Mfano wa barua

Huu ni mfano wa kubuni, lakini mambo yake ni ya kawaida kwenye duka lolote la jumla linalopokea mzigo kwa boti.

*(Karatasi yenye jina la duka, S.L.P., Chake Chake, Pemba, na namba ya simu)*

*30 Juni 2025*

*Kwa Meneja Rasilimali Watu, (jina la hoteli), Unguja*

*YAH: BI. (JINA KAMILI), MTUNZA STOO*

*Bi. (jina) alifanya kazi hapa kuanzia tarehe 1 Machi 2022 hadi 30 Juni 2025 akiwa mtunza stoo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsimamia moja kwa moja muda wote huo. Anaondoka kwa hiari yake na amekabidhi stoo bila upungufu.*

*Kazi yake ilikuwa kupokea mizigo inayotoka bandari ya Mkoani, kuiingiza kwenye daftari, kuitoa kwa wauzaji na kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi. Alipoanza, hesabu ya stoo na ya daftari zilikuwa hazilingani karibu kila mwezi. Alianzisha utaratibu wa kuhesabu rafu moja kila siku badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Katika miezi 12 iliyopita hesabu zimepishana mara mbili tu, na mara zote mbili yeye mwenyewe ndiye aliyegundua na kunijulisha kabla sijauliza.*

*Upande ambao alihitaji usimamizi ni kuandika bidhaa zinazorudishwa na wateja. Siku za kazi nyingi aliziacha hadi jioni, na nyingine zikasahaulika. Nilizungumza naye Februari 2024. Tangu hapo anaandika papo hapo kwenye daftari dogo la mlangoni, na makosa yamepungua sana, ingawa mwezi wa Ramadhani, wateja wanapokuwa wengi, bado inabidi akumbushwe.*

*Anafanya kazi vizuri zaidi anapopewa utaratibu ulio wazi. Sikuwahi kumpa wafanyakazi wa kuwasimamia, kwa hiyo siwezi kumsemea kwa hilo.*

*Nampendekeza kwa kazi ya stoo, na nafasi ikitokea tena hapa ningemwajiri. Mkihitaji maelezo zaidi nipigieni kwa namba iliyo juu.*

*(Saini, jina, cheo, muhuri)*

Kwa nini barua hii inaaminika

Aya ya kwanza inamwambia msomaji anayeandika ni nani na amejuaje. Maneno "nikimsimamia moja kwa moja" yana uzito, maana barua ya mwenye duka anayefika mara moja kwa mwezi si sawa na ya mtu aliyekuwa naye kila siku.

Sifa imekuja na tukio lake. Barua haikusema "ni mwaminifu." Imesema aligundua kosa akalisema kabla hajaulizwa. Msomaji anafika mwenyewe kwenye neno uaminifu, na akifika mwenyewe analiamini.

Kasoro nayo imeandikwa kwa hatua tatu: kilichotokea, kilichofanyika, na hali ilivyo sasa. Ukiishia hatua ya kwanza unamuumiza mtu kwa jambo alilokwisha kulirekebisha. Ukirukia ya tatu unaficha. Tena kasoro hii inahusu kazi anayokwenda kuifanya. Kama ana kasoro isiyohusu kazi hiyo, huna sababu ya kuitaja.

Mwisho, barua imekiri mpaka wake: "siwezi kumsemea kwa hilo." Sentensi kama hiyo inayapa nguvu maneno mengine yote, kwa sababu msomaji anaona kuwa hukusifia usichokijua.

Kipimo chepesi ni hiki. Ziba jina la mfanyakazi kwa kidole, kisha soma. Kama barua ingemfaa mfanyakazi mwingine yeyote wa dukani, bado hujaandika kitu.

Kama aliondoka kwa ubaya

Hapa ndipo mameneja wengi wanapoteleza. Mali ilipotea, mtu akaondoka, lakini haikuthibitika kuwa ni yeye. Ukiandika "tulimshuku," umemhukumu kwa barua, na mji wa Chake Chake ni mdogo. Maneno hayo yatafika Wete kabla ya jua kuzama.

Andika lililothibitishwa tu, yaani lililo kwenye faili, ambalo yeye mwenyewe aliitwa akajieleza. Uvumi wa dukani usiuandike. Maradhi, ujauzito, ndoa na siasa zake pia havina nafasi kwenye barua hii.

Si suala la adabu peke yake. Mwaka 1994, katika kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance, mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba mwajiri anayeandika barua kuhusu mfanyakazi wake wa zamani ana wajibu wa kuwa makini, na akiandika kwa uzembe anaweza kudaiwa fidia. Bwana Spring alikosa kazi kwa sababu ya barua mbaya aliyoandikiwa na watu ambao hawakuchunguza vizuri. Kesi hiyo si sheria ya Zanzibar, lakini inaonesha hasara inaweza kuanzia wapi.

Kama huna jema la kusema kwa ukweli, mwambie mwenyewe uso kwa uso: "Nitakupa cheti cha utumishi, barua ya mapendekezo siwezi." Itamuuma siku hiyo, lakini bado ana muda wa kutafuta mtu mwingine wa kumwandikia. Kibaya zaidi ni kumpa barua tamu, halafu ukapigiwa simu ukasema mengine.

Maana simu itapigwa

Meneja wa hoteli akimaliza salamu, swali lake mara nyingi huwa moja: "Ungemchukua tena?" Ukisita sekunde tatu, ameshapata jibu. Kwa hiyo weka nakala ya barua kwenye faili, na simu ikija isome kwanza ndipo ujibu. Uliyoyaandika na utakayoyasema yawe kitu kimoja.

Kabla ya kupiga muhuri, mpe mfanyakazi aisome. Kama kuna tarehe umekosea atakurekebisha. Kama hakubaliani na aya ya kasoro, msikilize: akikuonesha ushahidi kuwa umekosea, badilisha, lakini akikuomba tu uifute, mweleze kwa nini inabaki na umwachie achague kuitumia au kuiacha. Kumbuka barua hiyo itapigwa picha na kurushwa kwenye simu za watu. Usiandike neno ambalo usingeweza kumsomea mbele ya mama yake, yule jirani yenu.