Kwa Nini Mimi, Si Mwenzangu? Barua ya Kupunguzwa Kazi katika Nchi Nne

Barua ya kupunguzwa kazi huwa na aya ambayo anayeipokea huisoma mara nyingi kuliko nyingine zote. Kwamba kampuni imepata hasara, au imefunga tawi, hilo aghalabu alikwisha kulisikia. Anachotafuta ni sababu ya kuchaguliwa yeye na kuachwa mwenzake. Tanzania, Kenya, Uingereza na Ujerumani zote zimekubali kwamba mwajiri aweza kupunguza watu bila wao kuwa na kosa lolote. Lakini ukiziweka barua zao sambamba, utaona kila nchi ina jibu lake kwa swali hilo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtunza ghala, mama wa watoto watatu, ana umri wa miaka 44 na utumishi wa miaka 12 na miezi minne. Mwenzake ni kijana wa miaka 29 mwenye miaka mitatu kazini, hodari wa mfumo wa kompyuta unaohesabu mali ghalani. Nafasi ya mmoja inaondoka.

Ujerumani, Sheria ya Ulinzi dhidi ya Kuachishwa Kazi ya mwaka 1951, inayohusu sehemu za kazi zenye wafanyakazi zaidi ya kumi, inamtaka mwajiri awalinganishe watu wanaoweza kushika kazi moja kwa mambo manne: muda wa utumishi, umri, watu wanaowategemea, na ulemavu mkubwa. Waajiri wengi hugeuza mambo hayo kuwa alama: kadhaa kwa kila mwaka wa kazi, kadhaa kwa kila mtoto. Mama yetu anabaki, kijana anaondoka. Mwajiri anaweza kumtoa kijana katika ulinganisho huo akionyesha kwamba ujuzi wake ni wa lazima kwa shughuli, lakini mzigo wa kulithibitisha hilo ni wake. Anayeumia zaidi akiondoka ndiye anayelindwa zaidi.

Uingereza huangalia zaidi upande wa kazi. Tangu hukumu ya mwaka 1982 katika kesi ya Williams dhidi ya Compair Maxam, mwajiri anatarajiwa kutumia vigezo vinavyoweza kukaguliwa na mtu mwingine, badala ya maoni ya msimamizi mmoja. Hivyo huandaliwa jedwali la alama: ujuzi, mahudhurio, rekodi ya nidhamu, ubora wa kazi. Watoto hawamo. Mwingereza angeweza kusema kwamba kuhesabu watoto wa mtu ni kuingilia maisha yake ya nyumbani, na kwamba kijana asiye na watoto naye anastahili kupimwa kwa kazi yake. Hoja hiyo ina uzito. Kasoro ya jedwali ni kwamba alama za "moyo wa kushirikiana" zinaweza kuficha chuki ya zamani, na asiyeonyeshwa alama zake hana njia ya kuzipinga.

Kenya imesimama kati ya hizo mbili, na imeliweka jambo hilo ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataka uteuzi uzingatie muda wa utumishi, pamoja na ujuzi, uwezo na kutegemeka kwa mfanyakazi. Miaka 12 ya mama na kompyuta ya kijana vyote vinaingia katika mizani. Ugomvi mkubwa wa Kenya umekuwa juu ya yanayotangulia barua. Mwajiri lazima atoe taarifa ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, au kwa mfanyakazi mwenyewe asiye na chama, na kwa afisa wa kazi. Je, lazima pia washauriane? Shirika la ndege la Kenya Airways lilipopunguza wafanyakazi 447 mwaka 2012, shauri lilifika Mahakama ya Rufani, na mwaka 2014 majaji hawakuwa na kauli moja kuhusu hilo. Maamuzi ya baadaye yameelekea kusema ndiyo.

Tanzania haikuacha swali hilo kwa majaji. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio, atoe taarifa muhimu zinazohusika, kisha washauriane kuhusu sababu, njia za kuepuka upunguzaji, namna ya kuchagua, wakati wa kuutekeleza na kiinua mgongo. Kwa hiyo barua ya Tanzania inatakiwa kuwa matokeo ya mazungumzo: kigezo kilichomwondoa mama yetu kiwe kimewahi kujadiliwa mezani. Nami naona huu ndio utaratibu wenye heshima kuliko yote manne, pale unapofuatwa. Usipofuatwa, dalili zake zinaonekana kwenye karatasi: muhtasari wa kikao una tarehe ileile ya barua, au ya baadaye, orodha ya majina iliandaliwa kabla ya kikao, au barua inataja "utendaji hafifu", jambo ambalo lina utaratibu wake tofauti na halipaswi kuvishwa joho la kupunguza watu.

Kwenye fedha, mpangilio unageuka. Kwa miaka ileile 12, Kenya inatoa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika, yaani siku 180. Tanzania inatoa mshahara wa msingi wa siku saba kwa mwaka, tena kwa miaka isiyozidi kumi: siku 70. Kwa mshahara wa msingi wa Sh 600,000 kwa mwezi na kazi ya siku sita kwa wiki, siku moja ni kama Sh 23,077, na kiinua mgongo ni takriban Sh 1,615,000, mbali na notisi, likizo ambayo haijachukuliwa na stahiki nyingine. Hicho ni kiwango cha chini; mkataba wa hali bora unaweza kukipandisha. Uingereza huongeza uzito kwa umri: kwa mtu wa miaka 44 ni mshahara wa wiki 13 na nusu, wenye ukomo wa kisheria kwa kila wiki. Ujerumani, inayowalinda watu kwa uangalifu mkubwa wakati wa kuwachagua, haina kiinua mgongo cha lazima kwa wote. Mwajiri anaweza kuahidi ndani ya barua nusu mwezi kwa kila mwaka, yaani miezi sita kwa mama yetu, ikiwa hatakwenda mahakamani.

Tofauti hizo zinaonekana pia katika haki ya kupinga uamuzi. Mjerumani ana wiki tatu tu kufungua shauri, na barua yenyewe ni batili kama haina saini ya mkono juu ya karatasi. Barua pepe haitoshi. Uingereza ina desturi ya rufaa ndani ya kampuni, mbele ya meneja ambaye hakuhusika. Kenya inamfungulia mfanyakazi Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na muda wake ni mpana, miaka mitatu. Tanzania inampa siku 30 tangu ajira ilipokoma kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tena, mashauriano yakikwama, suala linaweza kufika Tume kwa usuluhishi kabla mtu hajaondolewa.

Kwa hiyo ningewaomba maofisa rasilimali watu wa Tanzania wafanye mambo mawili madogo: wakope kutoka Uingereza kumwonyesha mfanyakazi vipimo vyake kabla ya uamuzi, na waandike haki yake na muda wake ndani ya barua. Mstari mmoja unatosha: una siku 30 kuanzia tarehe ya kukoma kwa ajira, nenda ofisi ya Tume, jaza Fomu Namba 1. Nawe uliyepokea barua isiyo na mstari huo, anza kuzihesabu siku zako leo.