Gemu Inachechemea na FPS Iko Juu? Cheki Kikomo cha Fremu Kabla Utoe Ganji ya Kadi Mpya

Wasee wa Meru na Embu mnaocheza kwa kompyuta za mitumba za ofisi, hii ni yenu. Umewasha GTA V, kona ya skrini inasoma 40 FPS bila kuyumba, lakini ukizungusha kamera barabara inaruka-ruka. Kadi ya grafiki inaweza kuwa haina makosa. Shida inaweza kuwa hiyo 40 yenyewe.

Chukulia kuna matatu za kutoka Meru kwenda Embu ambazo zinatoka kila dakika 10, zijae zisijae. Abiria anafika steji kila dakika 15. Wa kwanza akifika dakika ya 15, anangoja gari ya 20. Wa pili akifika ya 30, gari ndio hiyo. Wa tatu anafika ya 45, anapanda ya 50. Walikuja wakiwa wamepishana sawa, lakini Embu wanashuka wakiwa wamepishana dakika 10, kisha 20, kisha 10 tena.

Monita yako ndio hizo matatu. Ya 60Hz hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, haijali gemu iko wapi. Ukiweka kikomo cha 40, gemu inatoa fremu kila milisekunde 25. Kwa hivyo fremu moja inakaa kwa skrini milisekunde 33, inayofuata 17, halafu 33 tena. Jicho lako linashika huo mguu mfupi na mrefu, hata kama namba ya FPS haijasonga.

Sasa weka 30. Ni kama abiria kufika kila dakika 20: kila fremu inakaa mizunguko miwili kamili, milisekunde 33 zote. Fremu zimepungua, lakini mwendo umenyooka. Hiyo ndio rada: gawanya Hz za monita kwa 1, 2, 3 au 4, na jibu ndilo kikomo chako. Kwa 60Hz ni 60 au 30. Kwa 144Hz ni 72, 48 au 36. Kwa 120Hz hata 40 inaingia fiti, kwa sababu kila fremu inakaa mizunguko mitatu. Ndio maana Ratchet & Clank: Rift Apart ya PS5 iliongezewa mtindo wa 40 mwaka wa 2021, lakini wa skrini za 120Hz.

Kuseti, anza kwa Windows: Settings, System, Display, kisha Advanced display. Soma Hz zako hapo, usikisie. Halafu cheza mahali pazito kwa gemu, kama katikati ya mji, uangalie FPS ya chini kabisa. Ikishuka hadi 42, kikomo cha 60 hutakifikia, chukua 30. Ukitaka 60, punguza vivuli na ubora wa picha hadi hiyo ya chini ipite 60.

Kwa kadi ya NVIDIA, kikomo kiko NVIDIA Control Panel, Manage 3D settings, Max Frame Rate. Kadi nyingine yoyote, tumia RivaTuner Statistics Server, pale Framerate limit. Washa VSync pia, la sivyo picha itakatika katikati. GTA V ina njia fupi: weka VSync iwe Half, inafunga kwa nusu ya Hz zako yenyewe. Hii inasaidia hata monita ikiwa 59.94Hz, ambapo 30 kamili huteleza mara moja moja.

Usidanganywe na grafu ya milisekunde. Kwa kikomo cha 40 inaweza kuchora mstari ulionyooka wa 25, kwa sababu inapima abiria wakifika steji, sio wakishuka Embu. Pima kwa jicho: zungusha kamera polepole ukiangalia mlingoti mmoja.

30 ina bei yake. Ukibonyeza, jibu linachelewa kidogo, kwa hivyo kwa gemu za kupigana risasi mtandaoni, bora ushushe ubora upate 60.

Na kama monita yako ina FreeSync na imewashwa, hesabu hii haikuhusu sana. Hiyo ni matatu ya kawaida ya Meru–Embu: inangoja abiria ndio itoke. Cheki tu mipaka yake. Ikiwa ni 48 hadi 75, ukicheza kwa 40 uko nje, na unarudi kwa gari za saa.