Mafundisho Yaliyohifadhiwa Midomoni

Wasikilizaji na wasomaji, huenda mtu akafikiri ya kuwa dini yenye kitabu ilianza na kitabu chake. Mara nyingi sivyo. Maneno hutangulia, na wino hufuata nyuma, pengine kwa miaka mingi sana. Leo tutatazama habari moja ya namna hiyo, ya wafuasi wa Budha, ambao walichukua mafundisho ya mwalimu wao moyoni kwa karne tatu au zaidi kabla ya kuyaandika.

Budha alifundisha katika nchi ya kaskazini ya Bara Hindi. Wanachuoni hawapatani juu ya mwaka wa kufa kwake, lakini wengi huuweka kati ya mwaka 480 na mwaka 400 kabla ya Kristo. Hakuacha hata ukurasa mmoja. Yeye alisema, na watawa wake wakasikia, wakashika, wakafundishana.

Basi walishikaje? Jambo la kwanza ni kwamba maneno yenyewe yalitengenezwa yapate kushikika. Mtu asomaye hotuba zile leo huchoka upesi, kwa sababu habari moja hurudiwa kwa maneno yale yale mara nyingi. Lakini hazikutungwa kwa jicho, zilitungwa kwa sikio, na lirudiwalo halisahauliki upesi. Tena, maneno yenye maana za kukaribiana yalipangwa kwa urefu, lililo fupi likitangulia, kama sisi tungalivyosema, "hofu, mashaka, wasiwasi." Mtu akipotewa na neno, mwendo wa sauti humrudisha njiani. Na mafundisho mengine yalipangwa kwa hesabu: kwanza mambo ya moja moja, kisha ya mawili mawili, hata kufikia kumi na moja. Mwenye kukariri akijua kwamba mambo ni manne, naye ametaja matatu, hujua mara moja kuwa liko moja lililoanguka.

Jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi, ni kwamba hawakukariri peke yao. Msimulizi wa hadithi akizungumza jioni na watoto, aweza kuongeza neno hapa na kupunguza pale, wala hapana wa kumzuia. Lakini watu ishirini wakikariri kwa sauti moja, hapana awezaye kubadili neno asisikike. Mwenye kukosea hujikwaa mbele ya wenzake, naye husahihishwa pale pale. Hotuba moja ya kale yasimulia ya kuwa kiongozi wa madhehebu nyingine, Wajaini, alipofariki, wafuasi wake waligombana juu ya mafundisho yake. Watawa wa Budha walipopata habari hiyo, mwanafunzi wake mkubwa Sariputa aliwaambia wakariri wote pamoja, yasije yakawapata wao yale yale.

Kazi nayo iligawanywa. Kundi moja lilishika hotuba ndefu, 34 kwa hesabu. Kundi jingine lilishika zile za kadiri, 152. Na makundi mengine yakashika zilizosalia. Sheria za watawa wenyewe, ambazo ni 227, zilikaririwa mbele ya wote kila nusu ya mwezi. Mahali pasipokuwa na mtu azijuaye, ilikuwa lazima kumtuma mtawa kwa majirani akajifunze. Tena iko kanuni moja ya ajabu. Wakati wa masika watawa walikatazwa kusafiri. Lakini mtu wa kawaida akituma mjumbe kusema, "Ninaijua hotuba fulani, njoni mjifunze isije ikapotea," mtawa aliruhusiwa kuondoka kwa muda wa siku saba. Kanuni hiyo yatuonyesha kwamba walijua vema hatari iliyokuwapo. Kitabu kikisahauliwa sandukuni chaweza kufunguliwa tena, bali mtu akifa na hotuba yake, imekwisha.

Sasa twende kusini, katika kisiwa cha Lanka. Mafundisho yalifika huko yapata mwaka 250 kabla ya Kristo, pamoja na mtawa Mahinda, katika siku za Asoka mfalme wa Bara Hindi. Asoka alichora amri zake juu ya majabali; kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba watu hawa hawakujua kuandika. Waliujua wino, wala hawakuuhitaji, maana watu walikuwapo.

Lakini katika karne ya kwanza kabla ya Kristo watu walianza kupungua. Mfalme Vatagamani alifukuzwa na adui waliotoka ng'ambo ya bahari, na njaa kali ikashika nchi. Vitabu vya ufafanuzi, vilivyoandikwa karne kadhaa baadaye, vyasimulia ya kuwa watawa wengi walivuka kwenda Bara Hindi, na 60 wakabaki milimani wakila mizizi na majani. Walipokuwa na nguvu walikaa kitako wakakariri. Walipoishiwa nguvu walijikusanyia mchanga kando ya miili yao, wakalala vichwa vyao vikiwa mahali pamoja, wakayafikiri mafundisho kimoyomoyo. Waliendelea hivyo kwa miaka 12. Njaa ilipokwisha na wenzao 700 wakarudi, walilinganisha maneno yao, na masimulizi husema kwamba hapakuwa na tofauti hata ya herufi moja.

Hata hivyo mambo yalikaribia kuharibika. Kitabu kimoja, Mahanidesa, kilikuwa kimebaki kwa mtawa mmoja tu, naye alikuwa mtu wa tabia mbaya. Mzee mwema mmoja aliombwa akajifunze kwake, akakataa; wakamsihi, hata mwisho akaenda, akajifunza usiku na mchana. Fikirini: fundisho zima lilikuwa juu ya pumzi ya mtu mmoja ambaye wenzake hawakupenda hata kuketi naye.

Ndipo, Vatagamani alipokwisha kurudi katika ufalme (alitawala tena tangu mwaka 89 hata 77 kabla ya Kristo), watawa wakakusanyika, kwa mapokeo ni huko Aluvihara karibu na mji wa Matale. Wakayaandika yote juu ya majani makavu ya mti wa jamii ya mitende, wakichora kwa kalamu ya chuma na kupaka masizi ili herufi zionekane.

Je, maneno yale ni yale yale aliyoyasema Budha? Iko njia ya kupima. Madhehebu nyingine zilizokaa mbali zilishika hotuba hizo kwa mdomo vilevile, na tangu karne ya pili baada ya Kristo zikafasiriwa kwa Kichina. Ukizilinganisha, mafundisho yenyewe hupatana sana, lakini mpangilio, majina ya mahali, na maneno ya hapa na pale hutofautiana. Basi kumbukumbu ya wengi hulinda kiini vema kuliko wanavyodhani watu wa vitabu, wala hailindi kila herufi kama walivyodai wasimulizi.

Na maandiko nayo hayakosi adui wake. Hapana hata jani moja la Aluvihara ya kwanza lililosalia. Mchwa na unyevu huyala, na ni lazima kunakili tena na tena. Maktaba ya mahali pale iliteketea katika maasi ya mwaka 1848. Lakini maneno hayakupotea, kwa kuwa nakala zilikuwa mahali pengine, na watawa walikuwa wakali wakiyakariri.

MASWALI
1. Kwa nini hotuba za kale hurudia maneno yale yale?
2. Watawa wa Lanka walijua kuandika. Ni nini basi kilichowafanya waandike wakati ule, wala si mapema zaidi?
3. Mwulize mzee wa kwenu jambo alilofundishwa kwa mdomo, kisha mwulize mwingine jambo lilo hilo. Ni maneno gani yanayopatana, na ni yapi yanayotofautiana?