Tafsiri rejeshi na tofauti zenye uzito

Matini iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza hadi Kiswahili hupewa mtu wa pili, ambaye hajaiona matini chanzi, naye huirudisha katika Kiingereza. Kisha matini mbili za Kiingereza hulinganishwa, ile ya awali na ile iliyorudi. Njia hii ilienea katika utafiti wa jamii baada ya makala ya Richard Brislin ya mwaka 1970. Kwa Kiswahili naiita tafsiri rejeshi. Wengine husema tafsiri rejea, lakini rejea kwa wasomi ni kitabu au makala unayoitaja, na kutafsiri kinyume hudokeza maana iliyopinduliwa. Rejeshi inatosha: kilichopelekwa kinarejeshwa kilikotoka, tukitazame.

Kazi ngumu huanza pale matini mbili zinapotofautiana. Tuchukue hojaji ya PHQ-9, yenye maswali 9 ya kupima dalili za sonona. Humwuliza mtu ni mara ngapi, katika wiki mbili zilizopita, amesumbuliwa na kila dalili. Majibu ni manne, kuanzia hapana kabisa, alama 0, hadi karibu kila siku, alama 3.

Dalili ya kwanza ni upungufu wa hamu au raha ya kufanya mambo. Tuseme mfasiri ameandika “kuwa na hamu au raha kidogo ya kufanya mambo”. Ikirejeshwa, Kiingereza kinachorudi kinaweza kupishana na cha awali kwa kijineno kimoja tu cha herufi moja. Mlinganishaji mwenye haraka atakipita. Lakini kijineno hicho ndicho kinachotenganisha mtu aliyepungukiwa na hamu na mtu ambaye hamu anayo, ijapokuwa si nyingi. Na Kiswahili chenyewe kinasomeka hivyo: mwenye afya njema anaweza kujibu kwa moyo mweupe kwamba karibu kila siku ana hamu kidogo ya kufanya mambo, akaandikiwa alama 3 za sonona. “Kupungukiwa na hamu au raha” huondoa tatizo. “Kutokuwa na hamu kabisa” huleta jingine, kwa kuwa huinua kiwango cha dalili na kuwaacha nje wale ambao hamu yao imepungua bila kwisha.

Swali la 6 huonyesha hali ya upande wa pili. Mojawapo ya mambo linayouliza ni kama mtu anahisi ameivunja moyo familia yake. Mfasiri akiandika “umeiangusha familia yako”, mrejeshaji anayefuata neno kwa neno ataleta sentensi ya mtu aliyewabwaga jamaa zake sakafuni. Tofauti hiyo inashtua, ila haina madhara, maana msomaji wa Kiswahili anajua kuangusha watu ni kutotimiza walichokitarajia kwako. Hapa aulizwe mrejeshaji kwanza alielewa nini, kabla ya kugusa Kiswahili. Nimeona Kiswahili kizuri kikifutwa ili tu Kiingereza kinachorudi kifanane na cha awali, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu atakayejibu hojaji hataisoma tafsiri rejeshi hata siku moja.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: je, kwa tofauti hii, mtu yuleyule mwenye hali ileile angechagua jibu jingine? Kama asingechagua, tofauti iachwe.

Lakini kuna hitilafu ambayo hairudi na tofauti yoyote. Jibu la tatu, lenye alama 2, ni kwamba dalili ilikuwapo zaidi ya nusu ya siku za wiki hizo mbili. Likiandikwa “zaidi ya nusu ya siku”, Kiswahili kimefumba, kwani siku ni siku, iwe moja au nyingi. Mrejeshaji aliyezoea hojaji za aina hii ataandika Kiingereza sahihi bila kusita. Mama aliyelemewa na huzuni kila asubuhi kwa siku 10, ikamtoka kabla ya adhuhuri, anaweza kuona kwamba huzuni yake haikufika nusu ya siku, akachagua “siku kadhaa”, alama 1. Akifanya hivyo katika dalili 6, na nyingine hana, atapata 6 badala ya 12, na alama 10 ndiyo mpaka unaotumiwa sana kuamua nani achunguzwe zaidi. “Zaidi ya nusu ya siku hizo 14” hufunga mwanya huo.

Hitilafu ya namna hii hugunduliwa kwa kuwaketisha watu wachache wa aina ya watakaojibu, mmoja mmoja, na kumwambia kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoulizwa. Kwa jibu hili, aulizwe: ukichagua hapa, unamaanisha siku ngapi? Anayetaja saa badala ya siku ameshaonyesha neno la kurekebishwa.