Namba Isiyotumika: Uwezekano, Kinga na Bei ya Hiari ya Kuuza katika Mti wa Matawi Mawili

Swali lenyewe ni la kawaida katika mtihani wa juu wa mikataba tanzu. Hisa inauzwa leo kwa shilingi 100. Kila mwaka, kwa miaka miwili, bei yake ama inapanda kwa asilimia 25 ama inashuka kwa asilimia 20. Riba isiyo na hatari ni asilimia 5 kwa mwaka, na hisa haitoi gawio. Mtahiniwa atafute thamani ya hiari ya kuuza, yaani haki isiyo na wajibu ya kuuza hisa hiyo kwa shilingi 110. Aitafute kwanza kwa hiari ya Kiulaya, ambayo hutumika mwisho wa mwaka wa pili tu, kisha kwa hiari ya Kimarekani, ambayo mwenye nayo aweza kuitumia wakati wowote hadi hapo. Ndani ya swali imo pia sentensi moja inayozua ubishi: wachambuzi wanakadiria kwamba kila mwaka uwezekano wa bei kupanda ni 0.7.

Baadhi ya watahini wenzangu wanataka sentensi hiyo ifutwe. Hoja yao ni kwamba namba isiyotumika katika jibu ni mtego, na mtego hupima umakini wa kusoma badala ya ujuzi wa fani. Ninawapinga. Namba hiyo ndiyo sehemu ya swali yenye thamani kubwa zaidi, na kosa liko katika namna tunavyogawa alama za hatua inayoifuata.

Kilichonisukuma kuandika ni jambo ninaloliona katika karatasi za majibu. Wapo wanaotumia 0.7, na hao hawashangazi. Wanaonishangaza ni wale wanaoandika kanuni sahihi ya uwezekano usiojali hatari, wakaikokotoa bila dosari, kisha wakaipa hiari ya Kimarekani bei ileile ya hiari ya Kiulaya. Makosa haya mawili hufundishwa kama mambo tofauti, katika sura tofauti za vitabu. Ninadai kwamba chanzo chake ni kimoja: mwanafunzi amepewa uwezekano kabla ya kuoneshwa kinga inayouzaa.

Kuhusu asili ya mbinu hii hakuna mgogoro. Baada ya kazi ya Black na Scholes ya 1973, William Sharpe alitoa wazo la matawi mawili katika kitabu chake cha 1978, na mwaka 1979 Cox, Ross na Rubinstein wakalikamilisha katika makala inayotajwa hadi leo. Mwaka huohuo Rendleman na Bartter walichapisha mbinu inayofanana nayo. Mgogoro uko katika mpangilio wa hatua. Cox na wenzake walianza kwa kuunda mfuko wa hisa na mkopo unaolipa sawasawa na hiari, wakapata bei, na baada ya hapo tu wakaipa jina sehemu fulani ya mlinganyo kwa sababu ina sura ya uwezekano. Vitabu vingi vya kufundishia vimegeuza mpangilio huo: mwanafunzi anaambiwa tuchukulie kwamba wawekezaji hawajali hatari, anapewa kanuni, na kinga inakuja baadaye kama uthibitisho, ikiwa itakuja. Maneno hayo ya kwanza yanapotosha. Hakuna anayehitaji kuchukulia hivyo. Wawekezaji waweza kuiogopa hatari kadiri wapendavyo, na bei itabaki ileile.

Tufanye hesabu kama mwongozo wa kusahihisha unavyotaka. Kanuni ni

q = (1 + r − d) / (u − d) = (1.05 − 0.80) / (1.25 − 0.80) = 0.5556

Mwisho wa mwaka wa pili bei ya hisa ni 156.25, 100 au 64, na hiari inalipa 0, 10 au 46. Tukirudi nyuma mwaka mmoja, kwenye kifundo cha juu ambako hisa ni 125, hiari ina thamani ya 4.23. Kwenye kifundo cha chini, hisa ikiwa 80, thamani ni 24.76. Leo, hiari ya Kiulaya ina thamani ya shilingi 12.72.

Sasa tusimame kwenye kifundo cha chini, maana hoja yangu yote inaegemea hapo. Hisa ni 80 na umebaki mwaka mmoja. Mtu ananunua hisa moja na hiari moja ya kuuza. Hisa ikipanda hadi 100, hiari inamlipa 10. Ikishuka hadi 64, inamlipa 46. Kwa vyovyote vile anapata 110. Hakuna bahati yoyote iliyobaki katika mfuko huu, kwa hiyo thamani yake ni ya fedha iliyowekwa kwa riba ya asilimia 5: 110 ikigawanywa kwa 1.05, sawa na 104.76. Hisa peke yake ni 80. Basi hiari ni 24.76. Bei imepatikana, ni ileile iliyotolewa na kanuni, na uwezekano haujatajwa, si 0.7 wala 0.5556.

Kifundo hichohicho kinajibu pia swali la hiari ya Kimarekani. Mwenye hiari akisubiri, atauza hisa kwa 110 mwakani kwa hakika. Akiitumia sasa anazipata zile 110 sasa. Kusubiri hakumwongezei chochote, bali kunampotezea riba ya mwaka mzima, yaani shilingi 5.24, ambayo ndiyo tofauti kamili kati ya 30 anazopata kwa kuitumia sasa na 24.76 za kungoja. Kwa hiyo kwenye kifundo hicho thamani ya hiari ya Kimarekani ni 30, na tukirudi hadi leo inakuwa 14.94 badala ya 12.72. Mwanafunzi aliyeiona 110 ya hakika hawezi kuisahau hatua hii, kwa kuwa ameona fedha inayopotea. Aliyepitisha q pekee hana kinachomshtua, kwani 24.76 inafanana na namba nyingine yoyote katika jedwali lake.

Vipi kuhusu 0.7? Mtetezi wake atasema kwamba wastani wa malipo ukikokotolewa kwa uwezekano halisi unaweza nao kutoa bei sahihi, mradi tutumie kiwango sahihi cha riba kurudisha thamani ya leo. Anasema kweli, na hapo ndipo namba ile inapopata kazi. Kwa 0.7, hisa inatarajiwa kuzaa asilimia 11.5 kwa mwaka. Malipo ya wastani ya hiari ya Kiulaya ni 8.34. Ukiyarudisha kwa asilimia 5 unapata 7.56, na ukiyarudisha kwa asilimia 11.5 unapata 6.71. Ili ifikie 12.72, kiwango kinapaswa kuwa hasi, karibu asilimia 19 chini ya sifuri kwa mwaka. Mwanafunzi akikutana na riba hasi kama hiyo hudhani amekosea. Hajakosea. Hiari ya kuuza ni bima: hulipa hisa inapoanguka, na mnunuzi wa bima hukubali kwa wastani kupata kidogo kuliko alichotoa. Tena kiwango chenyewe hakitulii. Kwenye kifundo cha juu ni hasi 29, kwenye kifundo cha chini ni hasi 16, na katika mwaka wa kwanza ni hasi 18. Anayeshikilia 0.7 anahitaji riba mpya kila kifundo, na hana njia ya kuijua kabla hajaijua bei anayoitafuta. Kazi ya q ni kutuondolea mzigo huo tu.

Upo ukaguzi wa mistari miwili ambao ningependa uwe na alama zake. Uwezekano wowote mtahiniwa anaotaka kuutumia, aujaribu kwanza kwa hisa yenyewe. Kwa q, wastani wa 125 na 80 ni 105, na ukirudishwa kwa asilimia 5 ni 100, bei iliyo sokoni. Kwa 0.7 wastani ni 111.50, nao ukirudishwa ni 106.19. Uwezekano unaoshindwa kutoa bei ya hisa tunayoijua hauna haki ya kutupa bei ya hiari tusiyoijua. Ukaguzi huu, mradi wastani urudishwe kwa riba ya hatua yenyewe, hunasa pia kosa la kuchanganya riba ya mwaka na hatua ya nusu mwaka, ambalo huipotosha q bila kuacha dalili nyingine.

Pingamizi lililo zito zaidi linahusu soko. Kinga ninayoisifu inadai kwamba mtu aweza kukopa kwa riba ileile anayowekezea, na kuuza hisa asizo nazo. Masoko mengi hayaruhusu hilo kwa urahisi. Nakubali, lakini tuangalie linaharibu nini. Anayekuta hiari ya Kiulaya ikiuzwa kwa 7.56 huinunua, hukopa 58.34 na kununua sehemu 0.4562 ya hisa kwa 45.62. Anabaki na shilingi 5.16 leo, na akirekebisha mfuko kila kifundo hadaiwi chochote mwishoni. Hakuuza hisa asiyonayo hata moja. Kinachozuiwa ni upande wa pili, wa anayeiuza hiari iliyo ghali na kutaka kujikinga. Kwa hiyo mahali ambapo mkopo upo lakini uuzaji huo haupo, 12.72 inageuka kuwa sakafu: bei inaweza kukaa juu yake, haiwezi kudumu chini yake. Mwanafunzi wa kinga anaweza kulieleza hili. Kanuni ya q haisemi lolote kuhusu upande upi umevunjika.

Ningependa basi alama za hatua hii zihame: nyingi zaidi ziende kwa mfuko wa kinga katika kifundo kimoja na kwa maelezo ya kwa nini 0.7 haikutumika, na chache tu kwa kanuni. Atakayesema kwamba tofauti ni ya ladha ya ufundishaji, kwa kuwa njia zote mbili hutoa namba ileile, na aongeze tawi la tatu kwenye mti huu: bei yaweza pia kubaki palepale. Sasa q haipatikani tena, kwa sababu uwezekano mwingi tofauti unaitosha bei ya hisa. Kwenye kifundo cha 125 hiari inalipa 0, 0 au 10, na bei yake yaweza kuwa popote kati ya 0 na 4.23. Kwenye kifundo cha 80 inalipa 10, 30 au 46, na hisa pamoja na hiari bado ni 110 katika kila tawi. Pale bei ni 24.76, ileile na ya pekee, ingawa q ya pekee haipo.